Marko 1:41: kupima usomaji badala ya kuhesabu hati

*Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili hapa Dodoma, na sura ya tatu inahusu Marko 1:41, pale Yesu anapomponya mtu mwenye ukoma. Nimeorodhesha hati zenye "akamhurumia" na zile zenye "akakasirika", nikatumia kanuni ya usomaji mgumu, nikahitimisha kwamba "akakasirika" ndilo neno la Marko. Msimamizi amenirudishia sura, pembeni ameandika: "Umehesabu, hujapima." Nipime vipi?*

Marahaba. Hitimisho lako si kosa. Wapo wahariri wakubwa wanaolishika: Agano Jipya la Kigiriki la SBL, lililohaririwa na Michael Holmes mwaka 2010, limechapa hasira, ilhali Nestle-Aland toleo la 28 na lile la Tyndale House la mwaka 2017 yamechapa huruma. Kwa hiyo msimamizi wako hagombani na jibu, anagombana na njia uliyopita. Nakushauri uivunje sura na kuijenga upya kuanzia kwenye hati zenyewe.

Kwanza tenga tofauti moja na nyingine. Katika aya hii wanafunzi wengi huchanganya tofauti mbili zinazokaa jirani. Hati nyingi za baadaye, pamoja na Kodeksi Aleksandrino, zinaanza kwa maneno "naye Yesu", wakati hati za kale za Sinaitiko, Vatikano na Beza zinaanza kwa "na" tupu. Hiyo ni tofauti ya kwanza. Neno la huruma au hasira ni tofauti ya pili. Angalia kilichotokea: kwenye ya kwanza Beza yuko upande mmoja na Sinaitiko na Vatikano, kwenye ya pili amewaacha. Ukizifunga pamoja kwenye jedwali moja utapata kundi la mashahidi ambalo halipo. Tena usisahau usomaji wa tatu: zipo hati chache zisizo na neno lolote hapo, ikiwemo ile ya Kilatini inayoandikwa b. Kundi hili dogo lina kazi yake, nitalirudia.

Tofauti ya pili, kama macho ya mnakili yalivyoiona, ni hii. Mstari wa juu ni huruma, wa chini ni hasira, na sigma ya zama zile iliandikwa kama herufi C:

```
ΚΑΙϹΠΛΑΓΧΝΙϹΘΕΙϹ
ΚΑΙΟΡΓΙϹΘΕΙϹ
```

Ukiondoa lile "na" la mwanzo, neno la huruma lina herufi 13 na la hasira 9, na herufi sita za mwisho zinafanana kabisa. Hata herufi ya kwanza, C na O, zinakaribiana machoni. Kwa hiyo wazo kwamba mmoja alisoma vibaya si la kipuuzi, ila lina mzigo: mnakili angepaswa kupoteza herufi nne na bado akaangukia neno halali la Kigiriki lenye maana kinyume. Liandike kama uwezekano mdogo, usilifute.

Sasa mashahidi. Ukisikiliza shauri la mpaka wa shamba la zabibu kule Hombolo, watu kumi waliosimuliwa na jirani mmoja ni shahidi mmoja, na baraza linalijua hilo bila kufundishwa. Kwa hati ni vivyo hivyo. Mamia ya hati za zama za Bizanti zinazosoma huruma zinatoka katika ukoo mmoja mpana, hivyo huwezi kuandika "mamia dhidi ya tano". Lakini usikimbilie upande wa pili ukasema hazina uzito. Swali ni koo ngapi zinazojitegemea zimeshika usomaji huo. Kwa huruma unazo Sinaitiko na Vatikano za karne ya 4, Aleksandrino na Kodeksi ya Efraimu za karne ya 5, makundi ya hati yaitwayo familia ya 1 na ya 13, Vulgata ya Kilatini, na tafsiri za Kikopti na Kisiria. Hao hawakukopa kwa chanzo kimoja cha karibu.

Kwa hasira, hati ya Kigiriki ni moja tu: Kodeksi Beza, yaani D au 05, ya takriban mwaka 400. Hapa ndipo wengi hukosea. Beza ni hati ya lugha mbili, ukurasa wa kushoto Kigiriki, wa kulia Kilatini. Aparatusi, yaani orodha ya tofauti za hati chini ya ukurasa, ikikuonyesha D ya Kigiriki na d ya Kilatini kwa usomaji huo huo, usiandike mashahidi wawili; safu hizo zimesafiri katika jalada moja na zimeathiriana. Walio nje ya jalada hilo ni hati za Kilatini cha kale, a, ff2 na r1. Ya r1 ina nyota ndogo, maana yake mkono wa kwanza uliandika hivyo na mkono mwingine ukasahihisha. Nyota hiyo ikidondoka kwenye jedwali lako, umeshabadilisha ushahidi. Halafu kuna Efraimu Msiria, aliyefariki mwaka 373, ambaye ufafanuzi wake wa Diatesaroni unazungumzia hasira ya Bwana katika kisa hiki. Umtaje kwa tahadhari, kwa sababu Diatesaroni inachanganya Injili nne na Efraimu anafafanua, hanakili.

Uzito wa kundi hili ni upi basi? Hati ya a ni ya karne ya 4, na haikunakiliwa kutoka Beza. Kwa hiyo hasira ni ya kale kuliko Beza, na ilijulikana upande wa Kilatini na pengine Siria kabla ya mwaka 400. Hilo ndilo ambalo ushahidi wa nje, yaani wa hati, unaweza kulibeba. Hauwezi kubeba sentensi kama "hasira ni usomaji wa karne ya 2", ambayo huonekana mara kwa mara kwenye tasnifu bila kushikiliwa na kitu.

Vilevile usitafute msaada kwenye mafunjo. P45 ya karne ya 3, katika Marko, inaanza sura ya 4. P88 ina sehemu ya sura ya 2. P137, kipande kilichochapishwa mwaka 2018, kina sehemu za 1:7–9 na 1:16–18 basi. Aya ya 41 haipo kwenye funjo lolote la Marko tulilonalo, kwa hiyo sentensi "mafunjo ya kale yanathibitisha huruma" ni ya uongo, hata kama umeikuta kitabuni.

Tuje kwenye kanuni uliyoitegemea. Usomaji mgumu hupendelewa kwa sababu moja tu: mnakili ana mwelekeo wa kulainisha, si wa kukwaruza. Kanuni inazungumza juu ya wanakili, si juu ya ugumu wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuitumia unatakiwa ujibu maswali mawili ambayo sura yako imeyaruka: ni mgumu kwa nani, na hati inayoubeba ina tabia gani?

Kwa swali la kwanza, mpinzani wako atakuuliza hivi. Kama wanakili waliona haya kumwonyesha Yesu amekasirika, mbona Marko 3:5 hawakuigusa, pale "akawakazia macho pande zote kwa hasira"? Mbona 10:14 hawakuigusa, pale "alichukizwa sana"? Jibu lipo, lakini lazima uliandike wewe: katika 3:5 na 10:14 sababu ya hasira imetajwa, ugumu wa mioyo na wanafunzi kuwazuia watoto. Katika 1:41 mtu mwenye ukoma amepiga magoti anaomba, na hasira inatokea bila sababu iliyoandikwa. Ugumu wake ni wa aina nyingine. Hoja hiyo ni nzuri, ila haimalizi kesi.

Swali la pili ndilo lenye kazi, na ndilo litakaloigeuza sura yako kutoka muhtasari wa vitabu kuwa utafiti. Chukua Beza mwenyewe, Marko sura ya 1 hadi ya 3, umlinganishe neno kwa neno na Nestle-Aland. Picha zipo wazi katika maktaba ya kidijitali ya Kembriji, `cudl.lib.cam.ac.uk`, kwa namba `MS Nn.2.41`. Kumbuka Marko si ya pili humo, Injili zimepangwa Mathayo, Yohana, Luka, kisha Marko. Wengi hupoteza jioni nzima wakiitafuta. Hati nyingine utazipata `ntvmr.uni-muenster.de`, ambako Beza ni `20005`, Sinaitiko `20001` na Vatikano `20003`. Mtandao ukiyumba, pakua kurasa za Marko 1–3 pekee usiku mmoja, ufanye kazi bila mtandao wiki nzima.

Fungua jedwali la safu sita: aya, maneno ya Beza ya Kigiriki, maneno ya safu yake ya Kilatini, maneno ya Vatikano, aina ya badiliko (kuacha, kuongeza, kubadilisha neno, kupindua mpangilio), na sambamba yake katika Mathayo na Luka. Tahajia tupu ziweke kwenye jedwali la pembeni, la sivyo zitakumeza, maana Wagiriki wa zama hizo walichanganya irabu kama wanavyochanganya r na l baadhi yetu. Ukimaliza, tafuta mwelekeo.

Nikuonyeshe mbili utakazokutana nazo. Katika 2:26, maneno kuhusu Abiathari kuwa kuhani mkuu hayapo kwa Beza. Ni mahali penye shida inayojulikana, kwani kitabu cha Samweli kinamtaja Ahimeleki, na kuacha maneno hayo kunaondoa shida. Katika 3:21, hati nyingine zinasema jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili. Beza ameandika kwamba waliosikia ni waandishi na wengineo. Lawama imehamishwa kutoka kwa ndugu kwenda kwa wapinzani.

Umeona kinachojengeka? Nasaba ya Beza, inapokutana na jambo la kukwaza juu ya Yesu au Maandiko, hulainisha. Sasa nasaba hiyo hiyo, katika 1:41, imebeba neno la kukwaza kuliko yote. Hilo linakwenda kinyume na tabia yake, na jambo lililo kinyume na tabia ya mnakili huelekea kuwa amelipokea, hakulibuni. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wako, na inasimama juu ya jedwali lako mwenyewe badala ya kanuni uliyoinukuu. Mifano miwili lakini haitoshi. Unahitaji kuonyesha mwelekeo katika sura tatu nzima, pamoja na mahali ambapo Beza hakulainisha. Ukificha hizo za pili mtahini atazitafuta.

Kisha Mathayo na Luka. Wote wawili wanasimulia kisa hiki (Mathayo 8:3, Luka 5:13) bila huruma wala hasira. Hoja ya kawaida ni kwamba kama walitumia Marko na walikuta huruma, wasingekuwa na sababu ya kuitupa, bali hasira wangeitupa, kama walivyoitupa ile ya 3:5 na ya 10:14. Ni hoja nzuri, ila ipime kwa kila mmoja peke yake. Mathayo anabakiza huruma ya Marko 6:34 na 8:2, utaikuta Mathayo 14:14 na 15:32. Kwake hoja inashika. Luka, kwa habari ile ya 6:34, anaandika tu kwamba aliwakaribisha (9:11), na 8:2 hana kabisa. Kwa hiyo Luka hutupa huruma pia, na hawezi kuitwa shahidi kamili. Ukiandika "Mathayo na Luka wote" bila tofauti hiyo, umeongeza uzito ambao haupo kwenye mizani.

Hapa ndipo kundi lisilo na neno lolote linapoingia. Usiliite usomaji wa asili kwa kuwa ni mfupi. Mnakili aliyezoea Mathayo, Injili iliyosomwa kuliko zote kanisani, angeweza kuacha neno hapa kwa sababu masikio yake hayalitarajii. Lieleze kwa sentensi mbili, uliweke kando.

Kinachobaki ni muktadha, na ndicho kinachonizuia mimi kukubaliana nawe moja kwa moja. Aya mbili baadaye, 1:43, kuna kitenzi kikali ambacho Union Version imekitafsiri "akamkataza kwa nguvu"; kwa Kigiriki kina sauti ya kukaripia, karibu na kukoroma kwa farasi. Mtetezi wa hasira husema: unaona, Yesu wa kisa hiki ni mkali tangu mwanzo. Lakini geuza upande. Mnakili wa mapema anayejua ukali wa aya ya 43 unakuja angeweza kuuingiza katika aya ya 41, kwa makusudi au kwa akili kutangulia mkono. Ushahidi ule ule unatumika pande zote mbili, na sura nzuri husema hivyo waziwazi. Wapo pia wanaoeleza hasira kwa Kisiria, ambako maneno ya kuhurumia na kughadhibika yanatofautiana kwa herufi moja ya kooni. Itaje ukipenda, usiiegemee: ingebidi kosa la Kisiria liingie Kigiriki cha Beza na Kilatini pia.

Kabla hujafika kwenye uamuzi, angalia Kiswahili chako. Kwenye sura yako umepishanisha "akakasirika" na "akamkasirikia". Neno la Kigiriki, orgistheis, halina mtendewa. Halisemi amemkasirikia nani: mgonjwa, ukoma, au neno la "ukitaka" lililotangulia. Ile -m- yetu ndogo tayari imeshaamua ufafanuzi kabla hujauandika. Hata "akamhurumia" ina -m- ambayo splankhnistheis haina, ila huko haidhuru sana, anayehurumiwa ni mmoja tu. Kwenye sura ya uhakiki tumia "akiwa amekasirika" na "akiwa ameona huruma" mpaka mwisho, mtendewa umwache kwa sura ya ufafanuzi.

Uamuzi wangu, kwa kuwa umeuliza njia na si jibu, nautaja ili uone unavyoandikwa. Naegemea huruma, kwa tofauti ndogo. Sababu ni moja: koo za Sinaitiko na Vatikano ziliibakiza hasira ya 3:5, uchungu wa 10:14 na aibu ya 3:21. Kusema kwamba koo zisizo na haya hizo, na nyingine zote za Kigiriki isipokuwa moja, zilifuta hasira mahali hapa pekee bila kubakiza alama, kunanidai zaidi kuliko kusema nasaba moja ya mapema iliivuta kutoka 1:43. Anayeegemea hasira atajibu kwamba badiliko lilitokea mapema mno, kabla koo hazijatengana, na kwamba tabia ya Beza ya kulainisha inamsaidia. Anaweza kuwa sahihi. Jedwali lako likionyesha kwamba katika Marko 1–3 Beza karibu hakuna mahali anapouvuta ukali wa aya jirani, sababu yangu inapungua sana, na unaweza kuandika hivyo kwa ujasiri.

Kwa hiyo sentensi ya hitimisho itaje usomaji, kiwango cha uhakika, na kitu kitakachoubadilisha. "Yamkini" inatosha, "bila shaka" itakugharimu kwenye utetezi. Kama sura ni ya kurasa 30, nisingeipa orodha ya hati zaidi ya kurasa tano. Nusu nzima iende kwa Beza, kwa sababu kesi hii inaamuliwa na tabia ya hati moja, na jedwali lenyewe ulibandike kama kiambatisho ili mtahini aweze kukuhakiki mstari kwa mstari. Picha za Beza zikikuonyesha kitu tofauti na aparatusi, fuata picha, uandike tarehe uliyoitazama na ukurasa wa hati.